UZI: Pampu ya vakyumu inaishia 26 hapa Tabora, na bosi anataka autdoo zote zikae juu ya paa

fundi_isevya (Tabora), Jumatatu saa 2 usiku

Wakuu habari za jioni. Mafundi wa viyoyozi naomba mnisaidie, nina kazi ya gesti hapa Cheyo na kuna mambo mawili yananinyima usingizi.

La kwanza pampu. Mwezi wa tatu nilikuwa Dar nikaifanyia kazi pampu hii hii, sindano ya geji ya buluu ilikuwa inashuka mpaka inagusa 30 kasoro kidogo. Nimeileta huku, naiwasha, sindano inakwenda vizuri inafika 26 inasimama hapo. Nimeiacha saa nzima, 26. Nimebadili oili mara mbili, 26. Nimebadili hozi, 26. Nikaifunga kwenye kipande cha kopa nilichokiziba kwa kuchomelea mwisho, yaani hakuna pa kuvuja kabisa, bado 26. Nilishaanza kuulizia bei ya pampu mpya.

La pili, jengo lina chini pamoja na ghorofa tatu, na mwenye nyumba hataki kuona autdoo hata moja ukutani, anasema zinaharibu sura, zote zipande juu kwenye zege la paa. Mashine ni mbili kwa sasa, zote R410A inverta. Moja 18,000 BTU ya ukumbi ghorofa ya kwanza, nimepima njia ya bomba ni mita 21. Nyingine 12,000 ya mapokezi chini kabisa, njia yake mita 24. Kitabu cha hiyo 12,000 kinasema bomba lisizidi mita 25 kwahiyo naona nimo. Niendelee?

kopa_na_nati (Tabora), Jumatatu saa 2 usiku

Pampu imekufa hiyo kaka, vile vibao vya ndani vimelika, hizi za bei rahisi hazidumu. Mi nilishaachana nazo, natumia kompresa ya friji ya zamani, nageuza upande wa kunyonya inavuta freshi na sindano inafika 25 mpaka 26, sawa na yako tu hiyo. Na mashine zinapoza.

Kuhusu bomba refu ongeza gesi tu, kila mita inayozidi unaongeza kidogo, mashine haijui kama bomba ni refu.

mteja_mwanga (Kigoma), Jumatatu saa 3 usiku

Samahani mimi si fundi ila nimeona uzi wa AC. Ya kwangu iko huku Mwanga, imefungwa kama miezi minne, mwanzo ilikuwa kali kweli, sasa inapuliza upepo tu alafu kale kabomba kadogo pale nje kanaganda barafu nyeupe. Fundi aliyefunga amekuja mara mbili anaongeza gesi anachukua hela anaondoka, wiki tatu baadae yale yale. Je ni hiyo pampu?

mzee_wa_baridi (Kigoma), Jumatatu saa 4 usiku

Fundi wa Isevya, usinunue pampu. Pampu yako nzima.

Sikiliza. Ile geji ya manifoldi haipimi vakyumu yenyewe, inapima tofauti kati ya ndani ya hozi na hewa iliyoko hapo uliposimama. Dar uko usawa wa bahari, hewa inakandamiza kama inchi 29.9 za zebaki, kwahiyo ukitoa kila kitu ndani ya bomba sindano inaenda karibu na 30. Tabora mko juu, kama mita 1,200 hivi, hewa yenu nyepesi, inakandamiza kama inchi 26 tu. Ukishatoa hewa yote umefika 26 na hakuna pampu duniani itakayokupeleka 27 hapo Cheyo, hata uilete mpya kutoka kiwandani. Mimi huku Kigoma ziwa liko kama mita 770 juu ya bahari, geji yangu inaishia 27 na kidogo. Nilipohamia huku nilihangaika kama wewe, niliifungua pampu yote mezani nikitafuta ubovu ambao haupo.

Sasa sehemu inayoniuma ni hiyo ya kompresa ya friji. Mwanangu kopa_na_nati, unasema sindano inafika 25 mpaka 26 kwahiyo ni sawa. Si sawa hata kidogo. Inchi moja kwenye ile geji ni maikroni 25,400. Tunayoitafuta sisi ni maikroni 500. Maana yake kazi yote ya maana inafanyika ndani ya unene wa sindano, jicho lako haliwezi kuona. Na maji yakiwa kwenye nyuzi joto 25 yanaanza kuchemka yakikandamizwa na kama maikroni 23,800. Kompresa ya friji ikikuachia inchi moja haijafika, maji uliyonayo ndani ya bomba hayajaanza hata kutokota. Umetoa hewa nyingi, maji umeyaacha yamelala.

kopa_na_nati

Mzee shikamoo, nakuheshimu, lakini mashine nilizofunga hivyo zinafanya kazi mpaka leo.

mzee_wa_baridi

Marahaba. Zitafanya kazi mwaka, miwili. Oili ya R410A inanywa maji kama sponji, ikishayanywa inageuka asidi taratibu, inakula vanishi ya nyaya za mota ndani ya kompresa. Siku ikiungua mteja ataambiwa ni umeme wa Tanesko.

binti_wa_veta (Tabora), Jumanne saa 1 asubuhi

Nakubaliana na mzee, naongeza moja. Geji ya maikroni ya kidijitali haijali kama uko Tabora au Bagamoyo kwa sababu yenyewe inapima kilichobaki ndani, hailinganishi na hewa ya nje. Fundi wa Isevya mi ninayo, niko Ipuli, njoo uiazime. Ila usiifunge pale pale kwenye pampu, utasoma uongo mzuri, iweke upande wa mbali na pampu, hata kama ni kwa kipande cha T kwenye valvu ya sevisi. Na pini ya katikati ya valvu uing'oe kwa kile kifaa chake kabla ya kuvuta, ile pini inabana njia vibaya mno, mi nimeona kazi ya saa moja na nusu ikigeuka dakika arobaini.

Kwa mteja wa Mwanga: hapana dada/kaka, hiyo si pampu. Barafu kwenye bomba dogo na AC kupoteza nguvu kila baada ya wiki tatu ni gesi inatoka. Mwambie fundi asiongeze gesi tena mpaka atafute inapotokea. Aanze na nati mbili nyuma ya indoo, avue sponji, kama kuna utando wa mafuta umeshika vumbi pale ndo penyewe.

mteja_mwanga

Asante, mimi ni kaka. Nimevuta sponji kidogo kwa mkono, nati kubwa ina uchafu mweusi unanata. Kwahiyo fundi aikaze zaidi?

mzee_wa_baridi

Asiikaze!! Hapo ndipo watu wanapopasua. Fleya ikivuja kuna sababu, ukiikaza zaidi unaiponda, inatulia wiki mbili alafu inarudi vibaya kuliko mwanzo. Aitoe gesi, akate, atengeneze fleya upya.

fundi_isevya, Jumanne saa 3 usiku

Mzee nashukuru sana, yaani nimekaa kimya dakika kadhaa baada ya kusoma. Mwezi mzima nalaumu pampu. Binti wa Veta nimechukua geji, asante dada.

Sasa hilo la fleya naomba tukae nalo kidogo kwa sababu nimewahi kurudi kwenye kazi yangu mwenyewe baada ya miezi mitatu, gesi imeisha. Nilipofungua fleya nikakuta uso wake una mkwaruzo mmoja mwembamba kama unywele, umetoka ndani mpaka ukingoni. Mzee unafanyaje zako?

mzee_wa_baridi, Jumanne saa 4 usiku

Huo unywele umetokana na kukata. Ukikata kopa kwa kikatio unaacha ukingo wa ndani umejikunja, ukipanua fleya ule ukingo unaburuzwa juu ya uso. Kwahiyo kata taratibu, zungusha mara nyingi huku unakaza kidogo kidogo, kisu kisilazimishwe. Ukishakata, safisha ukingo wa ndani kwa rima, na hapa naomba kila anayesoma anielewe: geuza mdomo wa bomba uangalie CHINI wakati unasafisha. Bomba likiangalia juu yale makombo ya kopa yanadondokea ndani, na safari yao inaishia kwenye kompresa. Usisafishe mpaka mdomo ukawa mwembamba kama wembe, ondoa ukingo tu basi.

Alafu ingiza nati KABLA ya kupanua (nani hajawahi kusahau hilo). Tumia nati iliyokuja na mashine. Bomba la nusu inchi, nati ya R410A ni ya spana 26, zile za zamani za R22 ni 24, uso wake ni tofauti, usichanganye.

Kifaa cha fleya kama ni kile cha R410A chenye klachi, bomba litokeze juu ya kibano kati ya sifuri na nusu milimita. Kama ni kile cha zamani cha kukaza kwa mkono, litokeze milimita moja mpaka moja na nusu. Watu wengi wana kifaa cha zamani wanaweka bomba sawa sawa na kibano, fleya inatoka ndogo, nati inaishika kwa ukingo tu. Mi nina kalipa mfukoni, fleya ya robo inchi naitaka milimita 8.7 mpaka 9.1, ya nusu inchi 16.2 mpaka 16.6. Ikizidi hapo nati haishuki, ikipungua naikata naanza upya. Kopa ya sentimita tatu ni rahisi kuliko safari ya kurudi kwa mteja.

Tone moja la oili ya kompresa kwenye uso wa fleya. Anza kwa vidole, nati izunguke mizunguko mitatu minne bila spana, ikigoma bomba halijakaa sawa, linyooshe, usilazimishe. Mwisho spana mbili, moja inashikilia. Robo inchi 14 mpaka 18 Nm, nusu inchi 50 mpaka 62.

kopa_na_nati

Spana ya toki hapa Tabora wangapi wanayo. Mi mkono wangu unajua.

binti_wa_veta

Kaka mi nilifikiri hivyo. Siku moja nilikaza nati ya robo inchi kwa mkono nikiona iko sawa kabisa, alafu nikaweka spana ya toki nione, ilikuwa imeshapita 25. Nikaifungua, fleya imekuwa nyembamba pale shingoni kama karatasi. Robo inchi inadanganya kwa sababu spana ni ndefu na nati ni ndogo. Ya nusu inchi ni kinyume, watu wengi hawaifikishi 50.

fundi_isevya, Jumatano saa 1 usiku

Fleya nimezifanya leo za ile 18,000, zote nne kwa kalipa. Mbili nilizitupa, moja ilitoka 15.8, nyingine ilikuwa na ufa.

Sasa naitrojeni. Mtungi hapa ni shida, wa kwangu umeisha. Kuna jamaa anachomelea geti hapa jirani ana mtungi wa oksijeni umejaa ameniambia nichukue tu, presha ni presha. Na gereji ya jirani kuna mashine ya upepo. Kipi bora?

mzee_wa_baridi, Jumatano saa 1 usiku

FUNDI SIMAMA HAPO. Usiguse huo mtungi wa oksijeni.

Oksijeni ya presha kubwa ikikutana na oili inalipuka. Haihitaji kiberiti. Hizo fleya zako nimekwambia mwenyewe uzipake oili, na ndani ya indoo kuna mabaki ya oili ya kiwandani. Usiiweke kwenye bomba, wala kwenye manifoldi, wala kwenye hozi. Niambie umesoma hii.

fundi_isevya

Nimesoma mzee. Sijaugusa.

mzee_wa_baridi

Haya. Na upepo wa gereji nao achana nao, una maji na mafuta, na mashine ya tairi inakupa bar 8 au 10, mfumo wa R410A mchana wa joto upande wa juu unapita bar 30. Ukipima kwa 8 hujapima kitu.

binti_wa_veta

Mtungi wa naitrojeni upo kwangu umebaki nusu, sisi mafundi wanne wa Ipuli na Kanyenye tunachangiana kuuleta, ukichoka kuhangaika jiunge. Ila uje na regyuleta yako, mtungi ukijaa una bar 150 na zaidi, bila regyuleta ni bomu.

kopa_na_nati, Alhamisi saa 12 jioni

Mnatumia naitrojeni yote hiyo kwa mashine ndogo ya nini jamani, fungua valvu ndogo ya autdoo sekunde tano, gesi inasukuma hewa inatoka upande wa pili, funga, weka sabuni kwenye nati, kazi imeisha.

binti_wa_veta

Kwenye R22 na bomba la mita tatu walifanya hivyo zamani. Kwenye bomba la mita 21 hiyo gesi unayomwaga ni sehemu ya uzito uliopimwa kiwandani, hujui umemwaga gramu ngapi, na maji yaliyoshika kuta za bomba hayatoki kwa kupulizwa. Na ukija kwenye mashine za R32, hiyo gesi inashika moto.

fundi_isevya, Ijumaa saa 2 asubuhi

Wakuu nimekwama tena. Jana nimefanya kama nilivyoelekezwa. Valvu za autdoo zimefungwa, naitrojeni naingizia kwenye valvu ya sevisi kwahiyo napima bomba na indoo. Nilianza bar 5 dakika tano, sindano haikutikisika. Nikapanda 15, dakika tano, iko palepale. Kibandiko cha mashine kinasema presha ya juu 4.2 MPa, yaani bar 42, nikasimama kwenye 38. Nikapaka povu nati zote nne, hakuna hata puto moja. Nikafunga mtungi nikaacha usiku kucha. Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro dakika ishirini jioni, geji ya kidijitali 38.0.

Leo saa kumi na mbili na nusu asubuhi nakuta 36.4. Imeshuka bar 1.6. Povu nimerudia kila mahali, hakuna kitu. Nakata fleya zote upya?

kopa_na_nati

Inaliki hiyo. Ndo maana nikasema.

mzee_wa_baridi, Ijumaa saa 3 asubuhi

Subiri kwanza, usikate. Jana jioni ulipima joto?

fundi_isevya

Ndio, bahati nzuri niliandika kwa mazoea tu. Jioni 31, leo asubuhi kulikuwa na baridi kweli, 18.

mzee_wa_baridi

Safi, hapo sasa tuna hesabu. Gesi ikipoa presha inashuka bila hata tone kutoka. Lakini hesabu yake lazima uiweke kwenye presha kamili, yaani ujumlishe hewa ya Tabora ambayo ni kama bar 0.9, na joto uongeze 273.

```
jioni:   38.0 + 0.9 = 38.9 bar,  31 + 273 = 304
asubuhi: 18 + 273 = 291
38.9 x 291 / 304 = 37.2
37.2 - 0.9 = 36.3 bar
```

Hesabu inasema ungekuta 36.3. Umekuta 36.4. Bomba lako halijapoteza kitu. Kama ungekuta 35, hapo ningekwambia tafuta.

Ndo maana asubuhi na jioni za Tabora kiangazi zinawatia watu hasara, wanakata fleya nzima kabisa kwa sababu ya ubaridi wa alfajiri. Au ukitaka usipige hesabu, subiri mpaka joto lirudi 31 usome tena.

fundi_isevya, Ijumaa saa 8 mchana

Mzee saa saba mchana joto 30, geji 37.9. Sina la kusema.

kopa_na_nati, Ijumaa saa 9 alasiri

Hii sikuwa naijua. Kuna kazi moja Kitete mwaka jana nilikata fleya mara tatu kwa hilo hilo, mteja akanifukuza. Naomba kuuliza, usiku kucha ni lazima? Nikipima saa moja tu haitoshi?

binti_wa_veta

Mi kwa spliti ya bomba fupi nafanya saa moja kwenye presha ya juu pamoja na povu, nikitumia geji ya kidijitali. Usiku kucha naweka kwenye mabomba yanayofichwa ukutani.

mzee_wa_baridi

Mi nalaza zote. Tundu dogo linalomaliza gesi kwa miezi minne halionekani kwa saa moja. Ila sitagombana na binti, kazi zake nimeziona.

fundi_isevya, Ijumaa saa 3 usiku

Nimeachia naitrojeni nikaanza kuvuta. Pampu ile ile niliyotaka kuitupa. Geji ya manifoldi ilifika 26 ndani ya dakika chache, na ningekuwa ni mimi wa wiki iliyopita ningezima hapo. Geji ya maikroni wakati huo ilikuwa inasoma 9,000! Ikashuka mpaka 2,100 ikakaa hapo muda mrefu, kama imegoma, nikafungua ile skrubu ya hewa ya pampu kidogo kama robo saa nikafunga, ikaanza kushuka tena. Dakika ya 40 na kitu ikagusa 480. Nikafunga valvu, nikazima pampu, nikakaa na saa mkononi. Dakika tano 640. Dakika kumi 760. Dakika kumi na tano 790, na haikusogea tena.

Je niachie gesi?

binti_wa_veta

Imepanda ikasimama, hiyo ni unyevu kidogo uliobaki, tundu lingepanda bila kusimama mpaka lirudi hewani. Ila mi ningevunja vakyumu kwa naitrojeni kidogo, iachwe dakika kumi ibebe unyevu, alafu nivute tena. Nataka ikisimama iwe chini ya 500.

mzee_wa_baridi

Mimi chini ya 1,000 baada ya robo saa naachia gesi kwa spliti mpya. Hapo na binti hatukubaliani miaka yote. Mtungi unao, naitrojeni unayo, fanya anavyosema hutopoteza kitu ila dakika hamsini.

fundi_isevya, Jumamosi saa 5 asubuhi

Nimevunja nikavuta tena. Imesimama 410. Sasa gesi: kitabu kinasema mashine imejazwa kwa bomba la mita 5, kila mita inayozidi gramu 15 kwa laini ya robo inchi. 21 toa 5 ni 16, mara 15 ni gramu 240. Nimeingiza kwa mizani, mtungi ukiwa umepinduliwa, kabla sijafungua valvu za autdoo. Imewaka, ukumbi unapoza vizuri.

Inabaki ile 12,000 ya mapokezi. Naanza kuvuta bomba kesho.

mzee_wa_baridi

Usianze. Kuna swali la kwanza kabisa hujajibiwa na ni kosa langu, oksijeni ilinitoa kwenye mstari. Ulisema mita 24 uko ndani ya 25. Kitabu hicho hicho kina mstari wa pili chini yake, kimo kati ya indoo na autdoo. Kinasema ngapi?

fundi_isevya

Mita 10.

mzee_wa_baridi

Na wewe una ngapi?

fundi_isevya, Jumapili saa 6 mchana

Nimedondosha kamba ya timazi kutoka zege la paa mpaka chini nikapima kwa tepu. Kutoka sakafu mpaka valvu za autdoo juu ni 13.3. Indoo ya mapokezi iko 2.3 kutoka sakafu. Kwahiyo 11.0 kamili. Nimezidi mita moja. Ile ya ukumbi nimepima pia nikiwa na hofu, indoo iko 5.5, kimo 7.8, kitabu chake kinaruhusu 20 na bomba mita 30, iko salama.

kopa_na_nati

Mita moja tu, si aongeze gesi kidogo?

mzee_wa_baridi

Gesi haitibu kimo. Autdoo ikiwa juu, oili inayotoka na gesi kwenye kompresa lazima ipandishwe na upepo wa gesi kwenye bomba kubwa mpaka irudi. Inverta usiku ikizunguka taratibu upepo huo unakuwa dhaifu, oili inateleza inarudi chini inajikusanya bombani, kompresa inabaki kavu. Ukiongeza gesi oili haipandi kwa ajili hiyo.

kopa_na_nati

Si kuna ule mkunjo wa U wanaweka kwenye bomba kubwa kukusanya oili? Nimeona kazi moja wameweka kila mita 5.

mzee_wa_baridi

Upo, vitabu vingine vinautaka kila mita 5 mpaka 7 za kupanda, vingine vinasema wazi usiweke. Mi nafuata cha mashine husika. Lakini hata kinachoutaka hakisemi ukiweka U unaruhusiwa kupita kimo.

binti_wa_veta

Na kwa ile ya ukumbi ya mita 7.8, kitabu chake kinasemaje kuhusu mkunjo?

fundi_isevya, Jumapili saa 2 usiku

Dada kitabu cha 18,000 hakitaji mkunjo popote, nimesoma kurasa zote mara mbili. Sijui kutotaja ni kukataza au ni kutojali. Nimeuliza muuzaji, anasubiri majibu.

Kwa ile ya mapokezi nimekaa na mwenye nyumba leo. Sikumwambia habari za oili, nilimfungulia ukurasa nikamwonyesha ile 10, nikamwonyesha tepu yangu 11, nikamwambia waranti ya kompresa inaishia hapo. Ameelewa. Tunaiweka nyuma ya jengo upande wa mwembe, kwenye breketi usawa wa ghorofa ya kwanza, barabarani haionekani. Bomba linakuwa mita 7 badala ya 24, gesi ya kuongeza ni gramu 30 tu.

mteja_mwanga, Jumatatu saa 1 asubuhi

Wakuu fundi wangu amekata ile nati kubwa mbele yangu. Nilimwomba anionyeshe fleya ya zamani, ina ufa umezunguka nusu ya shingo. Ametengeneza mpya ila hana naitrojeni, anasema atavuta vakyumu tu. Mzee uko mtaa gani hapa Kigoma?

mzee_wa_baridi

Mpe simu aongee na mimi, nimekutumia namba inboksi. Mtungi ninao Katubuka, aje auchukue leo, asiachie gesi kabla hajapima.